Kalamu ya Risasi, Uso na Pasipoti

Novemba 1914, ndani ya Mnara wa London, Waingereza walimpiga risasi Mjerumani mmoja aliyeitwa Carl Hans Lody. Alikuwa jasusi, na wala hakuwa jasusi hodari sana, lakini aliingia Uingereza bila shida kwa sababu mkononi alikuwa na pasipoti ya Kimarekani yenye jina la Charles A. Inglis. Inglis hakuwa jina la kutungwa. Alikuwa Mmarekani halisi ambaye pasipoti yake ilibaki mikononi mwa wakubwa wa Berlin vita vilipoanza. Karatasi yenyewe ilikuwa halali na kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu: picha.

Zamani hizo pasipoti ilimweleza mtu kwa maneno. Fomu ya Kimarekani ilikuwa na nafasi ya paji la uso, macho, pua, mdomo, kidevu, nywele, rangi na umbo la uso. Karani alijaza kadiri alivyoona: pua ya kawaida, kidevu cha mviringo, macho ya kahawia. Sisi wapenzi wa fasihi tunajua ugumu wa kazi hiyo. Mwandishi anaweza kumaliza ukurasa mzima akieleza uso wa mhusika, na wasomaji kumi wakapata nyuso kumi tofauti. Sasa mwambie karani wa bandarini afanye hivyo kwa maneno mawili, na abiria wako kwenye foleni. Lody alipita katikati ya maneno hayo.

Marekani ilianza kudai picha kwenye pasipoti Desemba mwaka huohuo wa 1914, na Uingereza ikafuata 1915. Picha ilitakiwa ikomeshe ubishi. Lakini waliotunga sharti hilo walikuta fundi picha ana kazi yake tayari, ambayo alikuwa ameifanya kwa miaka 60 na ambayo ilielekea upande mwingine kabisa. Kazi yake ilikuwa kumtengeneza mteja awe mzuri kuliko alivyoingia studio.

Nataka kuizungumzia kazi hiyo, na mahali inapotakiwa kusimama, kwa sababu hapa kwetu mpaka huo unavukwa kila siku kwa nia njema kabisa. Lugha yetu yenyewe inachezacheza hapo. Tuliokulia zama za filamu tulikuwa tunapeleka picha "kusafishwa", na maana yake ilikuwa kuitoa filamu kwenye dawa na kuipiga kwenye karatasi. Hakuna aliyedhani kuna uchafu unaoondolewa. Leo ukimwambia kijana wa studio "nisafishie", ataondoa chunusi, makunyanzi na nusu ya rangi yako.

Mwaka 1855, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, fundi wa Munich aliyeitwa Franz Hanfstaengl alionyesha picha mbili za mtu mmoja, moja ikiwa imeguswa na nyingine haijaguswa. Watu walishangaa. Siri ilikuwa kwenye negativu, si kwenye karatasi. Kwenye negativu mambo yako kinyume: kunyanzi linaloonekana jeusi kwenye picha huwa ni mstari mwangavu kwenye kioo, unaopitisha mwanga mwingi. Fundi alipaka kioo vanishi nyembamba ili kalamu ishike, akakiweka kwenye meza yenye mwanga kutoka nyuma, kisha akachukua kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano na kuujaza ule mstari kwa vinukta vidogovidogo. Vinukta vilizuia mwanga, na kunyanzi likafifia kwenye kila nakala iliyopigwa baadaye. Penye kitu cha kutia giza badala ya kung'arisha, alikwangua dawa kwa kisu chembamba. Hiyo ndiyo ilikuwa Photoshop yao, na ilihitaji mkono usiotetemeka.

Basi katika karne hiyohiyo, na katika mji huohuo wa Paris, akatokea karani wa polisi aliyeyachukia mambo hayo. Alphonse Bertillon alianza miaka ya 1880 kuwapima wahalifu vichwa, mikono na miguu, na kuwapiga picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavu, kwenye kiti kilichofungwa mahali pamoja, kwa umbali uleule na mwanga uleule. Alilipenda sikio kwa sababu mikunjo yake haibadiliki utu uzimani. Na hakutaka negativu iguswe. Kovu, baka au mkunjo ambao fundi wa studio aliona ni aibu ya mteja, Bertillon aliona ni jina lake.

Picha ya pasipoti ni mtoto wa wazazi hawa wawili. Mama ni studio inayotaka upendeze, baba ni polisi anayetaka akutambue. Huwezi kuelewa ugomvi wa leo kuhusu kuediti picha ya viza bila kukumbuka kwamba watoto wa ndoa za namna hii hawatulii.

Sheria za sasa ziko wazi kuliko watu wanavyodhani. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ndilo linalotunza kanuni za pasipoti duniani, na mwaka 2003 lilichagua uso kuwa alama kuu ya mwili inayosomwa na mashine mipakani. Kuanzia hapo msomaji wa kwanza wa picha yako si afisa tena. Ni programu inayopima umbali kati ya macho, pua, taya na mengineyo, kisha inalinganisha na uso uliosimama mbele ya kamera ya uwanja wa ndege. Wamarekani kwa upande wao wanasema picha ya viza isibadilishwe kwa namna yoyote inayobadilisha sura yako. Kwenye ile bahati nasibu ya viza ambayo watu wengi Afrika Mashariki wamekuwa wakiijaza, maelekezo yamekuwa yakisema picha iliyochezewa inaweza kukutoa au kukunyima viza baadaye. Yaani unaweza kushinda, ukafurahi, ukalipa gharama zote, kisha picha ya mwaka juzi ikakurudisha nyumbani.

Sasa swali la fundi ni hili: kama sitakiwi kubadilisha kitu, mbona hata kuikata picha nayo ni kuibadilisha? Nililipeleka swali hilo kwa fundi mmoja wa Kariakoo ambaye nimekuwa nikikaa studio kwake jioni kadhaa. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, amefanya kazi za filamu kabla ya kompyuta, na anajibu polepole. Akaniambia, "Kaka, mimi najiuliza kosa ni la nani. Kama kosa ni la kamera yangu au la taa zangu, narekebisha. Kama ni uso wa mteja, huo si kosa, nauacha."

Hakuna kanuni niliyoisoma iliyonieleza vizuri kuliko hivyo. Na siku hiyo kulikuwa na mteja wa kunionyesha ilivyo.

Alikuwa mama wa makamo, anakwenda Minnesota kumwona binti yake aliyejifungua. Alikuja na picha aliyopigiwa studio nyingine wiki iliyotangulia. Ilikuwa picha nzuri ya kutundika sebuleni. Uso umekuwa mweupe hatua mbili kuliko shingo, ngozi laini kama ya mdoli, na mwilini amevalishwa koti jeusi la suti ambalo mama huyu, kwa maneno yake, hajawahi hata kuligusa. Kidoto cheusi kilicho kando ya pua yake, ukubwa wa punje ya mtama, hakikuwepo. Kwenye pasipoti yake kipo. Binti yake alipotumiwa hiyo picha kwa simu alicheka, kisha akamwambia mama akapige nyingine.

"Mwanangu," mama alimwambia fundi, "mimi sitaki uzuri. Nataka nifike."

Fundi alianza na kiti. Alikisogeza mbele kama mita moja na nusu kutoka ukutani, ili kivuli cha kichwa kianguke sakafuni badala ya kuonekana nyuma ya mteja. Ukuta ulikuwa mweupe kweli, umepakwa rangi, kwa hiyo hakuhitaji kumkata mtu na kumbandika kwenye weupe wa kompyuta. Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika. Programu ikimkata mtu mwenye nywele zetu, inanyoa kingo. Nywele zinageuka kofia laini, au masikio yanabaki na ukungu mweupe pembeni. Ukitaka kujua kama picha imekatwa, angalia ukingo wa nywele na ncha za masikio ukiwa umeikuza mpaka pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya kioo. Ukingo wa kweli una vinyweleo viwili vitatu vinavyokaidi.

Kamera ilikaa mbali naye, zaidi ya mita mbili, na lenzi ya kuvuta. Watu wanaojipiga kwa simu kwa urefu wa mkono hupata pua kubwa na masikio yaliyojificha, kwa sababu pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa kiasi kikubwa. Kasoro hiyo haitibiki baadaye. Ukijaribu kuipunguza pua kwa programu unakuwa umeanza kuchonga uso, na hata ukifanya kwa lengo la kurudisha ukweli, unabahatisha. Rudi nyuma hatua mbili upige tena.

Kisha likaja jambo la mwanga, na hapa nitakaa kidogo.

Kamera inapopima mwanga yenyewe, hudhani kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu. Ikiona fremu iliyojaa ukuta mweupe inasema, "Kuna mwanga mwingi mno," na kupunguza. Ukuta unakuwa kijivu. Uso mweupe unakuwa na giza kidogo, na bado unasomeka. Uso mweusi unazama. Macho yanaonekana, mashavu yanapotea, na mstari wa taya unaungana na shingo. Fundi anayeona hivyo kwenye kompyuta hulazimika kuunyanyua uso, na akishaanza kuunyanyua hajui asimame wapi. Nyingi ya zile nyuso zilizopauka tunazoziona hazikuanza na fundi anayechukia weusi. Zilianza na picha iliyopigwa gizani, ikaokolewa na mtu asiyekuwa na kipimo.

Na jambo hili lina historia yake chafu. Miaka ya 1960 na 1970 kampuni ya Polaroid ilikuwa na mtambo wa picha za vitambulisho uliojulikana kama ID-2. Ulikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mtambo huo uliingia Afrika Kusini na kutumika kwenye picha za vitabu vya pasi ambavyo Waafrika walilazimishwa kutembea navyo. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid kule Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua biashara hiyo, wakaanzisha upinzani na wito wa kuisusia kampuni. Polaroid iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977. Kwa hiyo mara moja moja uso mweusi umemulikwa sawasawa, na aliyeumulika alikuwa na sababu zake. Sisemi kwamba mwanga wa kutosha ni kitu kibaya. Nasema kuonekana vizuri kwenye kitambulisho na kutendewa vizuri ni mambo mawili.

Hata zama hizi za kompyuta, tatizo halijaisha. Mwaka 2020 uchunguzi wa BBC ulionyesha kwamba kwenye mtandao wa kuombea pasipoti Uingereza, wanawake wenye ngozi nyeusi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili ya wanaume wenye ngozi nyeupe kuambiwa picha zao hazifai. Mashine iliwaambia watu mdomo uko wazi wakati wameufumba. Ukishakataliwa hivyo mara tatu, kishawishi cha kujipausha ili mashine ikuone ni kikubwa, na simlaumu mtu.

Turudi kwa mama. Fundi aliweka taa mbili, moja kila upande, sawa kwa nguvu na kwa urefu. Akaiambia kamera iongeze mwanga kwa hatua moja juu ya ilichopendekeza yenyewe. Halafu akamwomba mama ashike karatasi nyeupe karibu na shavu, akapiga picha ya kwanza. Hiyo haikuwa ya kutumia. Ilikuwa ya kupimia.

Kwenye kompyuta alifungua picha ya karatasi na kuweka kishale juu ya weupe wake. Namba tatu zikatokea, za nyekundu, kijani na buluu: 228, 214, 190. Karatasi nyeupe ingetakiwa ziwe karibu sawa. Buluu ilikuwa chini, maana yake taa zake zina umanjano. Alibonyeza kidude cha kupima weupe juu ya karatasi, namba zikasogea zikawa karibu 225 zote, kisha akanyanyua mwanga wa picha nzima kidogo mpaka karatasi ikafika kama 236. Hakuivusha zaidi, kwa sababu ikigonga 255 inakuwa imeungua na haipimi tena kitu. Akanakili marekebisho hayo, akayabandika kwenye picha halisi, ile isiyo na karatasi.

"Sasa rangi ya mama ni hiyo iliyotokea," alisema. "Mimi sina maoni."

Nilimwuliza kama karatasi ya kawaida inaaminika. Akakiri kwamba karatasi za ofisini huwa na dawa ya kuzing'arisha inayoziongezea ubuluu kidogo, na kadi ya kijivu ya wapiga picha ni bora zaidi. Ila yake ilipotea wakati wa kuhama, na kwa kazi hii karatasi inatosha.

Angalia alichofanya. Kila alichobadilisha alikibadilisha kwa picha nzima: ukuta, blauzi, shingo, uso, vyote kwa kipimo kimoja. Hiyo ndiyo alama ninayoitumia sasa nikiangalia picha ya mtu. Marekebisho ya kamera hugusa kila kitu kwa pamoja. Ukiona uso umebadilika na shingo haikubadilika, mtu alichora mpaka kuzunguka uso na kufanya kazi ndani yake, na hapo ndipo maelekezo ya viza yanapokuwa yamevunjwa. Angalia pia masikio. Watu hupausha mashavu na kusahau masikio.

Kukata picha nako kuna hesabu yake. Picha ya viza ya Marekani ni mraba, inchi mbili kwa mbili ikichapwa, na faili la kutuma mtandaoni linaanzia pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, lisizidi kilobaiti 240. Kichwa, kutoka kidevuni hadi juu ya nywele, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu. Macho yawe kati ya asilimia 56 na 69 ukipima kutoka chini. Kwenye picha ya mama kichwa kilikuwa na urefu wa pikseli 1500. Fundi alitaka kichwa kichukue asilimia 60, hivyo akagawa 1500 kwa 0.6 na kupata mraba wa pikseli 2500. Macho aliyaweka pikseli 1550 kutoka chini, ambayo ni asilimia 62. Juu ya nywele ikabaki nafasi ya kama pikseli 200. Kichwa kilikuwa kimelala upande kidogo, akaizungusha picha nzima kwa digrii mbili kabla ya kukata, na hilo halina ubaya, maana ni sawa na kuinyoosha kamera. Kisha akaipunguza hadi 1200 kwa 1200, pande zote mbili kwa kiasi kimoja.

Hilo la pande zote mbili ndilo lenye mtego. Vijana wengi wana picha ya mstatili, mtandao unataka mraba, basi wanaivuta ikae. Uso unanenepa. Wengine wanaivuta makusudi upande wa pili ili uso uwe mwembamba, na wanaona ni jambo dogo kwa sababu hawajagusa pua wala kidevu. Lakini mashine inapima uwiano, na uwiano ndio walioubadilisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bologna walijaribu mambo haya, kuvuta picha na kuirembesha kwa programu, na wakaona kwamba ukivuka kiasi kidogo mashine huanza kushindwa kumtambua mwenye uso.

Kidoto cha kando ya pua kiliachwa. Makunyanzi mawili ya paji la uso yaliachwa. Kulikuwa na chunusi moja kidevuni, mbichi, ya wiki hiyo, na nikamwuliza fundi kwa nini asiiondoe, maana mwezi ujao haitakuwepo. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya mafundi waungwana: ondoa kinachopita, acha kinachokaa. Akasema hata yeye aliifuata enzi za kalamu. Siku hizi anaiacha kwa sababu kifaa cha kuondoa chunusi kinakopi ngozi ya jirani na kuibandika, na hataki alama ya kubandika ionekane kwenye picha ya viza. Isitoshe chunusi haimzuii mtu kutambulika. Alichofuta kilikuwa kidoa cha vumbi la lenzi kilichokuwa ukutani, mbali na kichwa.

Tatizo la simu ni kubwa kuliko la mafundi, kwa sababu simu hairuhusu hata uamuzi. Simu nyingi zinalainisha ngozi zenyewe kwenye kamera ya mbele, na mwenye nayo hajabonyeza chochote. Kuza picha uangalie: nyusi zinaonekana unywele kwa unywele, lakini shavu lililo chini yake halina hata kitundu kimoja cha ngozi. Hiyo imelainishwa. Zima hicho kitu kwenye mipangilio, au tumia kamera ya nyuma na mtu wa kukushikia.

Kuhusu koti: hapa nina msimamo laini kidogo kuliko wa fundi. Mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna studio ambayo mabaki yake yamekuwa kitabu. Mpiga picha Martina Bacigalupo aliyakusanya na yakachapishwa mwaka 2013 kwa jina *Gulu Real Art Studio*. Ni picha za watu waliokaa vizuri kitini, mikono mapajani, na mahali pa uso kuna tundu la mraba. Mashine ya picha za vitambulisho ilikuwa inatoa picha nne kwa mpigo, na mteja aliyetaka moja tu ilimgharimu. Kwa hiyo studio ilipiga picha ya kawaida, ikakata uso ikampa mteja, na mwili ukabaki. Katika mabaki hayo unaona koti lilelile likirudi kwa watu tofauti. Lilikuwa la studio, la kuazima. Sioni udanganyifu pale. Koti lilikuwepo, mtu alilivaa, kamera ikaliona.

Koti la Photoshop halikuwepo. Kinachokera si heshima ya kuazima, ni kwamba ili kulibandika lazima ukate shingo, na kukata shingo kunaondoa kivuli cha kidevu, na bila kivuli hicho mstari wa taya unakuwa wa kubuni. Mama wa Minnesota alipigwa na blauzi yake ya kitenge. Hakuna sheria inayodai suti.

Kwa nini wakubwa wamekuwa wakali hivi kwa mambo yanayoonekana madogo? Jibu linaturudisha kwa Lody. Mwaka 2014, watafiti walewale wa Bologna walionyesha kitu walichokiita pasipoti ya ajabu. Ukichukua picha za watu wawili wanaofanana kidogo na kuzichanganya nusu kwa nusu, unapata uso wa tatu ambao mashine inaukubali kuwa ni wa huyu, na pia ni wa yule. Mmoja anaomba pasipoti, na ofisi inampa kwa haki zote. Kisha wawili wanaitumia. Karatasi ni halali, kama ya Inglis. Mwaka 2018 kikundi cha wanaharakati wa Ujerumani, Peng!, kilichanganya uso wa mwenzao na wa Federica Mogherini, aliyekuwa mkuu wa mambo ya nje wa Umoja wa Ulaya, na pasipoti ya Kijerumani ikatoka.

Uso uliochanganywa kwa kawaida hulainishwa baadaye, ili kuficha mizimu ya kingo kwenye nywele na mboni za macho. Kwa hiyo ngozi laini mno na kingo zenye ukungu si suala la urembo tu kwa anayekagua. Ni dalili. Mama mwenye nia safi aliyelainishwa mashavu bila kuombwa anaonekana kama mtu anayeficha mwenzake.

Ujerumani ilichukua hatua. Tangu Mei 1, 2025 hawapokei picha ya karatasi kwa pasipoti na vitambulisho. Unapigwa ofisini kwao, au na studio iliyosajiliwa ambayo inaituma picha moja kwa moja kwa njia iliyofungwa, bila kupita mkononi mwako. Njia ya viza ya Marekani bado inapita studio za kawaida. Unapandisha faili wewe mwenyewe kwenye fomu ya DS-160, na likikataliwa unabeba picha iliyochapwa siku ya usaili. Ndiyo maana studio za Kariakoo bado zina foleni.

Nilipomweleza fundi habari za Ujerumani alikuwa anahifadhi mafaili ya mama, moja lililokatwa na moja la asili ambalo halijaguswa, yote mawili kwenye folda yenye tarehe. Kila mteja wa viza anampa yote mawili, ili akiulizwa awe na la kuonyesha. Akatikisa kichwa. "Na huko waliosajiliwa, nani anawaangalia?" aliuliza. Kabla sijajibu alikuwa amemgeukia kijana aliyefuata. "Kaa hapo mwanangu. Miwani weka mfukoni, Wamarekani hawaitaki tangu 2016."